Ujumbe wa kuwaunganisha ndugu katika kifurushi kimoja cha Google One

Swali: "Nimenunua kifurushi cha Google One cha GB 200, nakatwa kama shilingi 90,000 kwa mwaka kwenye kadi yangu ya benki, na malipo yanajirudia kila tarehe 1 Machi. Nataka kuwaingiza mama yangu aliye Tanga, kaka yangu anayepiga video za arusi, dada yangu, mdogo wetu aliye chuoni na binamu yetu mmoja. Shangazi yetu wa Muscat naye ameomba. Niandike nini kwenye kundi letu la WhatsApp ili kila mmoja ajue namna ya kujiunga na anachotakiwa kufanya, bila kuzua maneno baadaye?"

Dada yangu, maneno ya baadaye huzuka kwa sababu ndugu hujiunga bila kujua mambo matatu: akaunti ipi inaunganishwa, nafasi ya kuhifadhi picha na mafaili inagawanywaje, na mtu akitoka kunatokea nini. Hatua za kubonyeza zenyewe ni chache na huisha kwa dakika tano. Nitayaeleza mambo hayo kwanza kwa ajili yako wewe uliye msimamizi, kisha nitakuandikia ujumbe kamili unaoweza kuutuma.

Tuanze na idadi na nchi, kwa kuwa hapo ndipo utakapolazimika kumjibu shangazi. Kundi la familia la Google huwa na msimamizi mmoja pamoja na watu wengine wasiozidi watano. Wewe, mama, kaka, dada, mdogo wenu na binamu mmekwisha kutimia sita, kwa hiyo hata kama hakungekuwa na kikwazo kingine, nafasi ya shangazi haipo. Kikwazo kingine kipo pia: masharti ya Google yanataka wanakundi wote waishi katika nchi moja na msimamizi. Shangazi anaishi Oman, na hata mmoja wenu akijitoa ili kumpisha, bado hataingia. Mwambie hivyo mapema, tena kwa simu kabla hujatuma ujumbe kwenye kundi, ili asije akaona majina ya wengine yametajwa na lake halimo. Kifurushi chake mwenyewe anaweza kukinunua hukohuko na kukilipia kwa kadi yake. Sharti hilo la nchi humkwamisha wakati mwingine hata mtu anayeishi Tanzania, ikiwa aliwahi kubadilisha nchi kwenye Play Store ili apate programu fulani. Mdogo wenu au binamu akikataliwa ilhali mwaliko ni sahihi, muulize hilo kwanza.

Sasa suala la akaunti, ambalo kwa familia zetu ndilo zito kuliko yote. Watu wengi, hasa wazazi wetu, walifunguliwa akaunti ya Google na fundi au muuzaji wa duka siku waliyonunua simu. Simu inafanya kazi, picha zinahifadhiwa, lakini mwenyewe hajui anwani yake wala nenosiri. Ukiiunganisha akaunti ya namna hiyo, mama atafurahia nafasi mpaka siku simu itakapoibwa au kuharibika, na siku hiyo ndipo mtakapogundua kwamba picha zake zote ziko mahali ambapo hakuna mwenye ufunguo. Kwa hiyo, kabla ya kutuma mwaliko, kila mmoja afungue Gmail, aguse picha au herufi iliyo kwenye duara juu upande wa kulia, asome anwani inayoonekana hapo, kisha athibitishe kwamba nenosiri analijua na kwamba namba ya simu iliyosajiliwa kwa ajili ya kurejesha akaunti bado ni yake. Asiyelijua nenosiri alibadilishe wakati simu ingali mkononi, kwa sababu akaunti iliyo wazi kwenye simu ni rahisi kuiokoa kuliko iliyokwisha kufungwa. Mdogo wenu wa chuoni naye asitumie anwani aliyopewa na chuo, hata kama inafunguka kwa Gmail, kwa kuwa akaunti za vyuo, shule na ofisi haziingizwi katika kundi la familia.

Jambo la pili ni mgawanyo wa nafasi, na hapa wengi hudhani kwamba GB 200 zitakatwa vipande sita vilivyo sawa. Sivyo ilivyo. Kila mtu hubaki na GB 15 zake za bure ambazo Google humpa kila mwenye akaunti, na hizo ndizo zinazotumika kwanza. Kinachozidi 15 ndicho kinachoanza kula nafasi ya pamoja, nayo haina kuta ndani yake: msimamizi hana pa kuweka kikomo cha mtu mmoja mmoja. Mama mwenye GB 6 za picha na barua hagusi kabisa nafasi ya pamoja, ilhali kaka mwenye GB 78 anakula 63.

Fikiria hali itakayowafika msipokubaliana. Tuseme matumizi yenu nyote yamekwisha kula GB 110 za pamoja, na zimebaki 90. Kaka anapata arusi ya siku mbili, anarekodi kwa ubora wa 4K, na simu yake imewekwa ipandishe kila kitu kwenye Google Photos. Dakika moja ya 4K katika simu nyingi inaweza kufika MB 350, hivyo saa tatu za video ni takriban GB 63. Mnabakiwa na 27. Arusi inayofuata inaimaliza nafasi yote, na anayeumia si kaka peke yake. Yeyote aliyekwisha kuvuka GB 15 zake hawezi tena kuhifadhi picha mpya wala kupandisha mafaili kwenye Drive, na kibaya zaidi, Gmail yake huacha kutuma na kupokea barua. Dada yako anayesubiri majibu ya usaili wa kazi hatajua kwamba barua haikumfikia kwa sababu ya video za arusi ya watu wengine.

Ndiyo maana nakushauri uzungumze na kaka peke yake kabla ya ujumbe wa jumla, kwa heshima inayomstahili. Kazi yake ni halali na video zake ni za thamani, lakini mafaili makubwa ya biashara yanakaa vizuri zaidi kwenye diski ya nje, au kwenye kifurushi chake mwenyewe ambacho gharama yake ataihesabu katika bei anayowatoza wateja. Katika kifurushi cha familia aweke picha na video za nyumbani. Akikubali hilo, tatizo kubwa la nafasi limekwisha kabla halijaanza.

Mlaji mwingine wa nafasi ni WhatsApp, na watu hawamtazamii. Zamani bakapu ya WhatsApp kwenye simu za Android haikuhesabiwa katika nafasi ya Google, lakini mwaka 2024 utaratibu huo ulibadilika na sasa inahesabiwa. Ukiwa katika makundi ya familia, ya mtaa, ya kazini na ya harusi, video zote unazotumiwa zinaingia kwenye bakapu ikiwa Include videos imewashwa. Dawa yake ni kufungua Settings, kisha Chats, kisha Chat backup, na kuzima Include videos. Maandishi na picha vitaendelea kuhifadhiwa, na mzigo utapungua sana. Mwenye iPhone halimhusu hili, maana bakapu yake huenda iCloud.

Jambo la tatu ni kutoka. Mtu huruhusiwa kuwa katika kundi moja la familia kwa wakati mmoja, na akihama kwenda kundi lingine hawezi kuhama tena mpaka ipite miezi 12. Kwa hiyo binamu ambaye huenda anatarajia kuoa na kuanzisha kundi na mkewe afikirie kabla ya kubonyeza. Anayetoka au kutolewa hanyang'anywi mafaili yake siku hiyo, ila anarudi kwenye GB 15 zake. Akiwa na zaidi ya hizo, hawezi kuongeza kitu wala kupokea barua mpaka apunguze au anunue nafasi yake. Akikaa katika hali hiyo ya kuzidi kwa miaka 2 bila kuchukua hatua, Google inaweza kuyafuta mafaili yake. Hali hiyohiyo huwapata wote endapo kadi yako itakosa fedha na kifurushi kikafungwa, na ni haki ya ndugu zako kuelezwa hivyo waziwazi, kwa kuwa wanaweka kumbukumbu zao chini ya kadi ya mtu mmoja. Tambua pia kwamba usimamizi hauhamishiki. Ukitaka siku moja kumkabidhi dada yako, italazimu kulivunja kundi na yeye aanzishe lake upya. Basi uwe na hakika kwamba jukumu hili unaliweza.

Kwa upande wako hatua ni hizi. Fungua programu ya Google One au one.google.com, ingia Settings, kisha Manage family settings, na uwashe Share Google One with family. Halafu ingia Manage family group na utume mialiko kwa zile anwani ambazo ndugu wamekwisha kuzihakiki. Simu yako ikiwa imewekwa Kiswahili, maneno hayo yataonekana kwa Kiswahili, lakini mpangilio ni uleule. Njiani unaweza kuulizwa kama unataka kuweka njia ya malipo ya familia kwa ajili ya Google Play. Usiiweke. Kushiriki nafasi ya kuhifadhi hakuihitaji, na ukiiweka utakuwa umefungua mlango wa ununuzi wa programu na michezo kukatwa kwenye kadi yako.

Kuhusu fedha, shilingi 90,000 kwa watu sita ni 15,000 kila mmoja kwa mwaka. Google haikusanyi michango. Inakukata wewe tu, na mengine ni makubaliano ya nyumbani. Amua kabla ya kuandika ni nani hatachangia. Nadhani hamtamdai mama, na mdogo wenu wa chuoni mwaweza kumsamehe pia. Wanabaki wanne, na fungu la kila mmoja linakuwa 22,500. Hilo liwe ndani ya ujumbe wenyewe, ili msamaha uwe wa familia nzima na usionekane upendeleo wako. Tarehe ya mchango iwe wiki mbili kabla ya Machi, kwa sababu anayedaiwa baada ya huduma kulipiwa hana haraka.

Ujumbe wenyewe nimeuandika hivi, nawe badilisha kinachofaa:

"Shikamoo mama, shikamooni kaka na dada. Mdogo wangu na binamu, hamjambo.

Nimenunua nafasi ya GB 200 ya Google One kwa ajili ya kuhifadhi picha, video na barua pepe zetu, na ningependa tuitumie sote sita: mama, kaka, dada, mdogo wetu, binamu na mimi. Shangazi nimekwisha kuongea naye. Google hairuhusu mtu anayeishi nchi nyingine kuingia katika kundi letu, kwa hiyo yeye atanunua yake huko Muscat.

Kabla sijawatumia mwaliko, naomba kila mmoja afungue Gmail, aguse duara lililo juu kulia, na anitumie anwani anayoiona pale, pembeni, si hapa kwenye kundi. Hakikisha nenosiri lake unalijua na namba ya simu iliyosajiliwa ni yako. Akaunti ya chuo au ya ofisi haitakubali. Mama, usihangaike, dada atakusaidia atakapokuja Jumamosi.

Mwaliko utakuja kwa barua pepe ukiwa na jina langu. Ufungue kwa akaunti ileile uliyonitumia, ukubali, basi umeingia. Sitamwomba mtu yeyote nenosiri wala namba za siri zinazokuja kwa ujumbe mfupi. Mtu akikuomba hizo kwa jina langu, si mimi, usimpe, nipigie.

Picha zako, barua zako na mafaili yako hatayaona mtu mwingine. Tutakachoona ni jina, picha ya akaunti, anwani ya barua pepe na kiasi cha nafasi ambacho kila mmoja ametumia.

Kila mmoja ana GB 15 zake za bure, na hizo hutumika kwanza. Zikiisha ndipo anaingia kwenye nafasi ya pamoja, ambayo ikijaa, barua pepe za waliozidisha husimama. Kwa hiyo naomba tukubaliane hivi: video za kazi na filamu tusiziweke humu, kwenye WhatsApp tuzime Include videos katika sehemu ya Chat backup, na anayeona matumizi yake yamepita GB 40 atuambie ili tusaidiane kupunguza.

Gharama ni kama shilingi 90,000 kwa mwaka, na inaweza kupanda au kushuka kidogo. Mama na mdogo wetu hawatachangia. Sisi wanne tutatoa shilingi 22,500 kila mmoja, kwa namba yangu ya simu, kabla ya tarehe 15 Februari. Mimi nitaweka hapa picha ya risiti kila mwaka. Ikitokea siwezi kuendelea kulipia, nitawaambia miezi miwili kabla, ili kila mtu apate muda wa kuhamisha vitu vyake.

Anayetaka kutoka yuko huru, ila aniarifu mapema na ahamishe mafaili yake kwanza. Ajue pia kwamba aliyewahi kuhama kundi hawezi kuhama tena ndani ya miezi 12.

Asiyependa kujiunga anijulishe tu, wala hatadaiwa chochote. Asanteni."

Nieleze sababu za maneno machache yaliyomo humo. Anwani nimeomba zitumwe pembeni kwa sababu kundi la familia huwa na watu wengi kuliko hao sita, na anwani ya barua pepe ikishatawanyika, matapeli huitumia. Tahadhari ya nenosiri nimeiweka mara tu baada ya maelezo ya mwaliko, kwa kuwa tapeli hupenda kujipenyeza pale ambapo watu wanatarajia kubonyeza kiungo. Kuhusu faragha, ile aya usiipunguze hata kama ujumbe utaonekana mrefu. Vijana husita kujiunga wakidhani wazazi wataona picha zao, na wazazi husita wakidhani watoto watasoma barua zao, na wote wawili hawatakuuliza. Kikomo cha GB 40 ni pendekezo langu tu: watu wanne wakifikia 40 kila mmoja, watakuwa wamekula GB 100 za pamoja, nusu ya kifurushi, na hapo bado mna muda wa kuzungumza kwa utulivu.

Mama mtumie pia sauti fupi ya dakika moja kando, yenye mambo mawili tu, yaani kwamba dada atakuja kumsaidia na kwamba asimpe mtu namba za siri. Yaliyobaki hayamhitaji ayakumbuke.

Ujumbe ukishatumwa, ubandike juu ya kundi, lakini jua kwamba WhatsApp haibandiki kwa zaidi ya siku 30. Nakala iweke kwenye maelezo ya kundi kwa ufupi, au uihifadhi mahali pako ili uitume tena kila Februari pamoja na ukumbusho wa mchango. Baada ya wiki moja angalia kwenye Manage family group nani amekubali. Ambaye hajakubali mara nyingi alifungua mwaliko kwenye akaunti nyingine iliyo katika simu hiyohiyo, hasa kama simu ilirithiwa kutoka kwa ndugu mwingine na akaunti ya zamani haikuondolewa. Dalili yake ni kwamba yeye anasema "nimekubali" ilhali kwako jina halionekani, au linaonekana jina la mtu mwingine. Hapo mwambie aguse duara lile la juu kulia, achague anwani aliyokutumia, ndipo afungue mwaliko upya.

Halafu kila baada ya miezi mitatu fungua one.google.com/storage utazame matumizi. Ukiona ya mmoja yameruka ghafla, mpigie yeye kwanza kabla ya kuandika kwenye kundi. Mara nyingi utakuta ni bakapu ya WhatsApp iliyowashiwa video baada ya kubadilisha simu, na mwenyewe ataizima mkiwa bado mnaongea.